Sare Yenye Nembo ya Kudarizi: Namna ya Kuiagiza Picha Yake kwa Akili Mnemba

Nembo iliyodariziwa kifuani huchukua sehemu ndogo sana ya picha ya sare, na ndiyo inayoharibika kwanza picha hiyo inapotengenezwa kwa programu ya akili mnemba. Kola hutoka vizuri, vifungo hukaa mahali pake, hata uso wa mvaaji huweza kupendeza. Ila nembo hutoka kama stika iliyobandikwa juu ya shati, au kama rangi iliyochapishwa, au kama kitu kilichofumwa kwa uzi wa sweta. Maandishi yaliyo chini yake hugeuka kuwa vijistari visivyosomeka. Fundi wa sare anayetaka kumwonyesha mteja kazi kabla kitambaa hakijakatwa hawezi kufanya lolote na picha ya namna hiyo, kwa sababu kile ambacho mteja amekuja kukikagua ndicho kilichokosewa.

Wengi hujaribu kuiponya picha kwa kuongeza maneno ya sifa kwenye maelekezo: iwe na ubora wa juu, iwe halisi, iwe na kila undani. Maneno hayo hayasaidii sana. Kinachosaidia ni kujua darizi ya mashine ilivyo, kitambaa kinavyojikunja kinapoizunguka, na ukubwa wa eneo ambalo programu imepewa kuuchora uzi. Maelekezo mazuri hutokana na mambo hayo.

Mashine za kudarizi nembo hutumia zaidi uzi wa poliesta au wa rayoni, na unene uliozoeleka ni ule unaoitwa namba 40. Nyuzi hizo hulazwa bega kwa bega, na kutoka mstari mmoja hadi wa jirani yake huwa kama milimita 0.4. Nembo ya kawaida ya kifua cha kushoto ina upana wa sentimita 8 hadi 10. Kwa hiyo nembo ya sentimita 9 iliyojazwa nyuzi zilizosimama wima huwa na mistari ya uzi zaidi ya 200 kutoka ukingo hadi ukingo. Idadi hiyo inafaa kukumbukwa, maana baadaye ndiyo itakayotumika kuipima picha.

Nyuzi hazilazwi kwa namna moja. Kuna mshono wa satini, ambao uzi hutoka ukingo mmoja wa umbo na kwenda hadi ukingo wa pili bila kutobolewa katikati. Huu ndio mshono wa herufi, fremu na mistari minene. Hung'aa sana kwa sababu uzi umelala mrefu na laini. Upana wake una kikomo: ukipita milimita 7 hivi, uzi huanza kulegea na kunaswa na vitu, ndipo fundi hubadili na kutumia mshono wa kujaza. Katika mshono wa kujaza, sindano hutoboa mara nyingi kwa hatua fupi, na matundu ya mstari mmoja hupishana na ya mstari wa pili, hivi kwamba eneo zima huonekana limetulia, lina ung'avu hafifu na alama ndogondogo zilizojipanga kama za mkeka. Upo pia mshono wa kupita, mstari mmoja mwembamba wa vinukta, unaotumika kwa mistari ya ndani kama kamba za tanga au mishipa ya jani.

Tofauti ya mishono hii ndiyo inayolipa jicho ushahidi kwamba linatazama darizi. Uzi mmoja wa rangi moja, ukilazwa pande mbili tofauti, hutoa vivuli viwili. Herufi V iliyodariziwa kwa uzi mweupe mtupu ina mguu mmoja unaong'aa na mguu mwingine uliofifia, kwa kuwa nyuzi za kila mguu zinaupokea mwanga kwa pembe yake. Picha ambayo nembo yake ina weupe uleule kila mahali imechora rangi, hata kama juu yake kuna vijistari vinavyoigiza nyuzi. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaona mistari, wanadhani wamepata darizi, na bado kitu fulani hakiwaridhishi wasiweze kukitaja.

Darizi pia ina mwinuko. Chini ya mshono wa satini huwekwa kwanza mishono ya kutandika, ambayo huunyanyua uzi wa juu, na nyuma ya kitambaa huwekwa kipande kigumu cha kushikilia ili kitambaa kisivutwe na sindano. Kwa sababu hiyo sehemu yenye nembo huwa nzito na ngumu kuliko fulana nzima. Mikunjo inayoteremka kutoka begani au kwapani ikifika kwenye ukingo wa nembo husita: mingine huzunguka, mingine huishia hapo. Kitambaa kilicho jirani kabisa na ukingo hubaki na makunyanzi madogo, kwa sababu nyuzi zimekivuta kuelekea ndani. Chapa ya rangi haifanyi hivyo. Chapa hushikamana na kitambaa na hujikunja pamoja nacho, kiasi kwamba mkunjo mkubwa unaweza kumeza nusu ya herufi. Kwa hiyo njia ya haraka ya kutofautisha chapa na darizi kwenye picha yoyote ni kuangalia mkunjo unafanya nini unapofika kwenye nembo, hata kabla ya kuangalia nyuzi.

Sasa lije suala la ukubwa. Programu nyingi za picha, zikiwemo Stable Diffusion XL na Flux, huchora kwa kawaida mraba wa takriban pikseli 1024 kwa 1024. Tuseme picha inaonyesha kiwiliwili cha mtu, na upana wake wote ni sentimita 60 za dunia halisi. Kila sentimita imepata pikseli 17. Nembo ya sentimita 9 imepata pikseli 154 hivi, na mstari mmoja wa uzi, wenye milimita 0.4, umepata chini ya pikseli moja. Uzi huo hauwezi kuonekana. Hata kamera halisi yenye pikseli hizo isingeuonyesha. Programu ikilazimishwa na maelekezo yanayotaka nyuzi zionekane, itatafuta njia pekee iliyobaki, nayo ni kuzinenepesha nyuzi mpaka zionekane, na hapo ndipo nembo inapogeuka kuwa kazi ya uzi wa sweta.

Jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu programu hizi hazichori pikseli moja moja. Zinafanya kazi kwanza kwenye picha iliyobanwa, ambamo kila kisanduku kimoja kinasimama badala ya pikseli nane kwa nane, kisha mwishoni picha hiyo hufunguliwa kuwa kubwa. Katika mfano wa sentimita 60, kisanduku kimoja ni sawa na karibu milimita 5 za fulana. Milimita 5 ndio urefu mdogo ambao herufi nyingi za darizi husomeka vizuri zikishonwa. Yaani herufi nzima ya nembo imepewa kisanduku kimoja. Hakuna neno la kuongeza kwenye maelekezo litakaloikomboa herufi hiyo. Neno kama `8k`, ambalo watu hulibandika mwishoni mwa kila agizo, haliongezi hata pikseli moja.

Dawa ni kusogea. Picha ikionyesha upana wa sentimita 18 tu, yaani kifua upande mmoja kutoka mkanda wa vifungo hadi karibu na kwapa, kila sentimita hupata pikseli 57. Nembo huchukua nusu ya upana wa picha, na mstari wa uzi hupata zaidi ya pikseli mbili. Hapo uzi unaweza kuchorwa kwa unene wake wa kweli. Anayehitaji sare nzima na nyuzi zionekane hana budi kuifanya kazi hiyo kwa hatua mbili, na njia yake itaelezwa mbele kidogo.

Kuhusu lugha, programu nyingi za picha zilifunzwa kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza, na majina ya mishono na vitambaa zinayajua zaidi katika lugha hiyo. Baadhi ya programu mpya hupokea Kiswahili na kukielewa vizuri, lakini ikifika kwenye jina la mshono au la kitambaa, Kiingereza bado hutoa matokeo ya uhakika zaidi. Ndiyo maana maelekezo ya mfano hapa yameandikwa kama yanavyochapwa kwenye kisanduku.

Mfano wenyewe ni fulana ya kola ya rangi ya buluu iliyokoza, sare ya wahudumu wa nyumba ya wageni ya pwani. Nembo ni jahazi lenye tanga moja la pembetatu, na chini yake neno KARIBU. Vyote ni uzi mweupe. Agizo ambalo wengi wangeanza nalo ni hili:

```
navy polo shirt with embroidered logo of a boat
and text KARIBU, very detailed stitches, 8k, realistic
```

Agizo hilo limeacha karibu kila kitu mikononi mwa programu. Halijasema picha ipigwe kwa umbali gani, hivyo programu itachukua umbali uliozoeleka kwenye picha za fulana za dukani, ambao ni kiwiliwili kizima. Halijasema boti gani, na boti iliyozoeleka kwenye picha za nembo ni ile ya matanga mawili ya Ulaya, wala si jahazi. Halijasema mwanga unatoka wapi, kwa hiyo utatoka mbele, nao mwanga wa mbele hufuta kila mwinuko. Na neno linalotaka nyuzi zionekane sana linaisukuma programu kwenye unene wa sweta.

Agizo lililofikiriwa huanza na umbali na mahali, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua pikseli:

```
Close-up photo of the chest of a navy cotton pique polo
shirt worn by a person, cropped from button placket to
armpit. The logo fills half of the frame width.
```

Jina la kitambaa limetajwa kwa makusudi. Pike ndicho kile kitambaa cha fulana za kola chenye vishimo vidogo vidogo. Kikitajwa, programu hupata mahali pa kuonyesha tofauti kati ya uso wa kitambaa na uso wa darizi, na tofauti hiyo peke yake hufanya nusu ya kazi. Vipimo vya sentimita havikuandikwa, kwani programu haipimi. Inaelewa vizuri zaidi uwiano, kama nusu ya picha au theluthi ya picha.

Kisha inafuata darizi yenyewe, kila sehemu na mshono wake:

```
Machine embroidery in white thread: a dhow with a single
triangular lateen sail. Sail in smooth fill stitch, mast
and hull outline in satin stitch. Fine thread, slightly
raised, sheen changing with stitch direction. Slight
puckering of the fabric around the edge.
```

Tanga ni eneo pana, ndiyo maana limepewa mshono wa kujaza. Lingepewa satini, programu ingechora uzi mmoja unaovuka sentimita tano bila kutobolewa, kitu ambacho hakuna mashine ingekishona kikadumu. Maneno kuhusu uzi mwembamba yamewekwa kuzuia ule unene. Na maneno ya makunyanzi yanayozunguka ukingo, ingawa yanaonekana madogo, hubadilisha picha kuliko yote, maana ndiyo yanayoifunga nembo kwenye kitambaa.

Mwisho ni mikunjo na mwanga:

```
Soft rounded folds running from the armpit toward the
logo and fading at its stiff edge. Low side light from
the left, window light, macro lens.
```

Mikunjo imepewa chanzo na mwelekeo. Mtu akiandika tu kwamba kitambaa kiwe na mikunjo, programu hutawanya mistari isiyo na sababu, kana kwamba fulana imetolewa kwenye gunia. Mkunjo wa kweli una mahali unapoanzia: kwapani mkono unapoinuka, kwenye kifungo kinachobana, begani mshono unapovuta, kiunoni fulana inapochomekwa. Aina ya kitambaa nayo huamua umbo lake. Pike na jezi hujikunja kwa mviringo laini. Tetroni ya suruali na mashati ya shule hukunjika kwa kingo kali na hushika alama ya pasi. Drili na kaki nzito hutoa mikunjo michache, mipana, inayosimama. Kwa hiyo anayeagiza picha ya shati la mlinzi la kaki akaandika mikunjo laini ya mviringo atapata shati linaloonekana kama limeshonwa kwa kitambaa cha nguo ya kulalia.

Mwanga wa kutoka ubavuni na chini kidogo ndio unaofichua mwinuko. Ukipita juu ya kitambaa ukikigusa tu, kila mstari wa uzi hupata upande wa nuru na upande wa kivuli, na ukingo wa nembo huangusha kivuli chembamba kwenye fulana. Ukitoka mbele, yote hayo hupotea hata kama programu imechora nyuzi kwa usahihi.

Neno KARIBU halikuwekwa kwenye agizo hili, na si kwa kusahau. Katika nembo ya upana wa sentimita 9, neno hilo chini ya jahazi lina herufi sita zenye urefu wa milimita 7 hivi, ambazo katika picha ya karibu hupata takriban pikseli 40 kila moja. Programu za karibuni zinaweza kuandika neno fupi kama hilo bila kosa mara nyingi, likiwekwa ndani ya alama za nukuu. Lakini kulitaka neno, jahazi, mishono na mikunjo vyote kwa pamoja huongeza uwezekano wa kimoja kuharibika. Ni busara kulipata jahazi kwanza, kisha kuliongeza neno kwa kuchora upya sehemu ile tu.

Kuchora upya sehemu ndiyo kazi ya hatua ya pili, ile ya sare nzima. Kwanza hutengenezwa picha pana ya mhudumu amesimama, fulana yake ikiwa tupu kifuani bila nembo yoyote. Picha hiyo ikiridhisha, nembo halisi ya mteja, ile aliyoileta kwenye faili, hubandikwa kifuani kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha, ikainamishwa na kupindwa kidogo ifuate mwili. Hapo itaonekana kama stika, na hiyo si shida. Kisha eneo la nembo na pambizo yake hufunikwa kwa brashi ndani ya chombo cha `inpaint`, na programu huagizwa kulichora eneo hilo peke yake. Kwenye vifaa vya Stable Diffusion vyenye uchaguzi wa `Only masked`, eneo lililofunikwa hukuzwa hadi ukubwa kamili wa turubai, huchorwa, kisha hupunguzwa na kurudishwa mahali pake. Kwa njia hiyo nembo hupata pikseli za picha ya karibu hata kama iko ndani ya picha pana. Itakaporudishwa kwenye udogo wake nyuzi hazitahesabika, ila mng'ao, mwinuko na kivuli cha ukingo vitabaki, na hivyo ndivyo jicho linavyoona darizi kwa mbali.

Kipimo cha kushughulikia hapa ni `denoising strength`, kinachotoka 0 hadi 1 na kuamua programu iruhusiwe kubadilisha kiasi gani. Chini ya 0.3 nembo hubaki stika. Juu ya 0.6 jahazi huanza kuwa boti nyingine na herufi hupoteza umbo. Kati ya 0.4 na 0.5 ndipo uzi mara nyingi huota juu ya umbo lililobandikwa bila kulivunja, ingawa kila programu ina tabia yake na kipimo hicho lazima kijaribiwe. Kwa herufi, inafaa kushuka kidogo. Pambizo iliyofunikwa isiishie kwenye ukingo wa nembo. Ipite kama sentimita mbili nje, la sivyo programu haitakuwa na kitambaa cha kukikunyanza.

Picha ikishatoka, ukaguzi hufuata, na hapa ndipo ile hesabu ya mwanzo inarudi. Fundi achague sehemu iliyojazwa, ahesabu nyuzi katika kipande ambacho anajua upana wake. Sentimita moja ina nyuzi 25 hivi. Akipata nane au kumi, picha inaonyesha uzi mnene mara mbili au tatu ya ule utakaotumika, na mteja atakapopokea sare ataona nembo laini kuliko aliyoahidiwa. Baada ya hapo aangalie nyuzi zinaelekea wapi. Katika darizi ya kweli mwelekeo hubadilika umbo linapobadilika. Katika picha mbovu mistari yote hukimbia upande mmoja kutoka tangani hadi kwenye mwili wa jahazi na kuingia hata kwenye herufi, kama wavu uliowekwa juu ya kila kitu.

Kosa jingine la mara kwa mara ni upande. Nembo ya sare hukaa kifua cha kushoto cha mvaaji, kiasi cha sentimita 18 hadi 20 chini ya mahali mshono wa bega unapokutana na kola. Kwa mtazamaji, huo ni upande wa kulia wa picha. Agizo linalosema tu kushoto hutimizwa mara kwa upande huu, mara kwa upande ule. Ni salama kuutaja mara mbili:

```
on the wearer's left chest, which is the right side
of the image
```

Rangi nazo huvuja. Uzi mweupe ukitajwa karibu na kola, kola hugeuka nyeupe au hupata mistari myeupe. Programu haifungi sifa na kitu chake kwa uthabiti ule wa msomaji wa kibinadamu. Kuipa kila rangi sentensi yake hupunguza kuvuja, na kurudia rangi ya kola waziwazi hupunguza zaidi. Kukanusha kunaleta shida ya jamii hiyohiyo. Agizo linalosema kusiwe na mikunjo mingi limetaja mikunjo, na programu nyingi zitaichora kwa kuwa zimelisikia jina lake. Programu zenye kisanduku cha `negative prompt` huruhusu kuandika humo vitu visivyotakiwa, kwa mfano `sticker, printed ink, chunky yarn`. Zisizo na kisanduku hicho huhitaji kuelezwa kile kinachotakiwa: badala ya kukana mikunjo, husemwa kwamba fulana imepigwa pasi.

Urefu wa agizo pia una mpaka. Stable Diffusion, pamoja na toleo lake la XL, husoma maelekezo kwa vipande 77, kipande kikiwa neno au sehemu ya neno. Kinachozidi hapo hukatwa, au vifaa vingine hukigawa na kukisoma kwa mafungu, na nguvu yake hupungua. Maagizo matatu ya jahazi yaliyotolewa hapo juu yakiunganishwa yanapita mpaka huo. Anayetumia programu ya aina hiyo itambidi aache mambo matano tu: umbali, kitambaa, mshono, makunyanzi ya ukingo na mwanga. Flux na programu nyingine za karibuni husoma maelezo marefu bila shida.

Shati la kitenge lina mambo yake, kwa sababu lina chapa na darizi kwa pamoja, na kila kimoja kinatii kanuni tofauti. Hoteli na ofisi nyingi za Afrika Mashariki huvalisha wafanyakazi wao mashati ya kitenge, na picha za mashati hayo hukosewa kwa namna moja karibu kila mara: mchoro wa kitenge hutandazwa bapa kama karatasi ya ukutani, ukivuka mfuko, mkanda wa vifungo na bega bila kukatika. Shati la kweli limeshonwa kwa vipande. Mchoro hukatika kwenye kila mshono, hugeuka mwelekeo mkononi, na ndani ya mkunjo hupotea nusu. Maelekezo yaseme hivyo waziwazi:

```
The wax print breaks at the seams and the placket,
shifts direction on the sleeves, and disappears into
the folds. Plain black chest pocket,
logo embroidered on the pocket.
```

Mfuko wa rangi moja si pambo. Darizi juu ya mchoro wenye rangi nyingi haisomeki hata kwenye shati halisi, na mafundi wazoefu huiweka kwenye mfuko au kipande kisicho na mchoro. Kwa programu ya picha faida ni kubwa zaidi, kwani mistari ya kitenge na mistari ya uzi ikikutana, programu huyachanganya na kuanza kuchora kitenge kwa nyuzi. Ikiwa mgongoni kuna maandishi yaliyochapwa kwa skrini, nayo yaelezwe kwa picha nyingine ya nyuma, kwa maneno kwamba ni wino bapa na kwamba uso wa kitambaa unaonekana kupitia wino. Darizi na chapa zikitajwa katika agizo moja, moja huiambukiza nyingine.

Picha iliyokamilika haishonwi. Mashine ya kudarizi haisomi picha. Inasoma faili la hatua za sindano, kama `.DST` la mashine za Tajima au `.PES` la Brother, ambamo kila tundu, kila mruko na kila badiliko la rangi vimeandikwa. Faili hilo hutengenezwa na mtaalamu kwa programu maalumu, kutoka kwenye mchoro safi wa nembo, wala si kutoka kwenye picha ya akili mnemba. Hata nyuzi zilizochorwa vizuri kiasi gani si mpango wa sindano.

Kwa sababu hiyo picha inaweza kuahidi kisichoshoneka. Huchora herufi za milimita mbili zikiwa safi kabisa, rangi inayofifia taratibu kutoka nyekundu hadi njano, mstari mwembamba kama unywele. Mashine huishia na nyuzi 15 kwa mashine nyingi za kibiashara za kichwa kimoja, kila uzi na rangi yake, na herufi ndogo mno hujifunga zikawa donge. Anayetumia picha kupata kibali cha mteja anapaswa kuagiza yale tu ambayo mashine yake inayaweza: rangi zinazohesabika, herufi zisizopungua milimita 5, satini isiyopita milimita 7. Picha ikishakubaliwa, apewe mtengeneza faili pamoja na upana wa nembo kwa milimita, jina la kitambaa, na mwelekeo wa nyuzi uliochaguliwa kwa kila sehemu. Kisha kishonwe kipande kimoja cha majaribio juu ya kitambaa kilekile cha sare, kwa sababu kiasi cha makunyanzi ya ukingo kitajulikana hapo tu.